Yadi au Mtu Binafsi: Kadi Imeandikwa Jina la Nani?

Alfajiri moja, kabla daladala za kwanza hazijajaa abiria katika stendi ya Kinyerezi, watu watatu walisimama mbele ya nyumba ya jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Walikuwa na barua yenye muhuri, nao hawakuja kwa ugomvi. Walimwamkia kwa adabu, wakamwonyesha barua, kisha wakamwomba funguo za gari. Gari hilo, Toyota IST ya rangi ya fedha, mwalimu alikuwa amelinunua miezi tisa nyuma kwa shilingi 8,500,000. Barua ilieleza kwamba mwenye gari wa awali alikuwa amekopa fedha kwa dhamana ya kadi ya gari hilo, hakulipa, na sasa mkopeshaji alikuwa anachukua mali yake. Mwalimu aliingia ndani, akatoka na mkataba wa mauziano na nakala ya kadi. Nakala tu. Kadi yenyewe, aliambiwa siku ya kununua, ilikuwa kwa mwanasheria na angeletewa wiki ileile. Simu ya aliyemuuzia haikupatikana siku hiyo, wala haijapatikana hadi leo.

Jioni ile barazani hukumu ilitolewa haraka. Wengi walisema mwalimu alijitakia mwenyewe kwa kununua kwa mtu. Angekwenda yadi angepona. Mimi sikukubaliana nao kwa ukamilifu, na makala haya ni jibu langu kwa baraza lile. Nayaandika pia kwa ajili ya ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao huvuka bahari kuja kutafuta gari Dar es Salaam, na kwa ajili ya watumishi wa Serikali ambao mezani kwao hupita karatasi za biashara hii kila siku.

Wazee wetu hawakuwa na mtihani huu. Kabla ya bajeti ya mwaka 1984, iliyowaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, kupata gari lilikuwa jambo la kibali na foleni. Leo magari yaliyokwisha kutumika Japani huteremshwa katika bandari yetu meli baada ya meli, na mwananchi mwenye akiba yake anajikuta mbele ya milango miwili. Mlango wa kwanza ni yadi, yenye uzio, bendera na magari yaliyong'arishwa. Mlango wa pili ni mtu binafsi aliyebandika karatasi yenye maneno "Gari linauzwa" katika kioo cha nyuma. Bei ya mlango wa pili karibu siku zote ni ndogo. Swali ni kwamba ile nyongeza inayotozwa yadi inanunua kitu gani hasa.

Sehemu ya nyongeza hiyo haina siri. Mwenye yadi analipa pango, mlinzi, kodi na riba ya mtaji uliolala juani. Lakini mnunuzi hana haja ya kumlipia mtu pango lake bila kupata kitu. Anachopaswa kupata ni mtu anayepatikana kesho mahali palepale, ambaye sheria inamtambua kuwa ndiye aliyeuza.

Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatenganisha mambo mawili ambayo mnunuzi huyachanganya. La kwanza ni haki ya kuuza. Kila anayeuza, awe tajiri wa yadi au jirani yako, huhesabiwa kuwa ameahidi kwamba mali ni yake na ana haki ya kuiuza. Katika hilo yadi na mtu binafsi wako sawa. La pili ni ubora wa kitu na kufaa kwake kwa kazi iliyokusudiwa. Hapa sheria humfunga yule anayeuza kama sehemu ya biashara yake. Mtumishi anayeuza gari lake moja baada ya miaka sita hafungwi hivyo; mnunuzi amenunua alichokiona, isipokuwa kama muuzaji amesema uongo au ameahidi jambo. Ndiyo maana inafaa maneno ya muuzaji yaandikwe ndani ya mkataba: gari halijapata ajali kubwa, halina mkopo, kilomita zake ni halisi. Neno lililosemwa kando ya boneti ni tabu sana kulithibitisha mahakamani.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya kwenda shule tulifundishwa jambo kali zaidi ya hilo: kwamba anayeijua aibu ya kitu chake na akaificha wakati wa kukiuza amekosa, hata kama mnunuzi hakuuliza. Lakini nimewaona watu wenye sijda usoni wakiongeza oili nzito katika injini ili isitoe moshi siku ya kuja mnunuzi. Basi tuendelee na yale yanayoweza kukaguliwa.

Mapema mwaka huu mdogo wangu mmoja, mzaliwa wa Wete, alihamishiwa katika ofisi ya umma mjini na akapanga nyumba Kinyerezi. Kila anayekaa huku anajua safari ya kwenda mjini kupitia Segerea na Tabata inavyomeza saa za mtu asubuhi, na kwamba njia ya Malamba Mawili kwenda Mbezi nayo ina mambo yake. Alikuwa na akiba ya shilingi 12,000,000. Alitaka IST yenye injini ndogo, kwa kuwa vipuri vyake hupatikana kwa urahisi na kila fundi analijua gari hilo. Tulizunguka wiki mbili. Tuliyaona magari mengi, lakini matatu yalitosha kunifundisha.

Gari la kwanza lilikuwa katika yadi moja ya Kinondoni. Lilikuwa limetoka bandarini, halijapata kutembea katika barabara zetu, na bei yake ilikuwa shilingi 14,600,000. Mtu akishangaa bei hiyo na akumbuke kwamba gari linapoingia nchini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na ushuru mwingine unaotegemea ukubwa wa injini na umri wa gari. Tukaomba karatasi. Kwa gari la namna hii karatasi inayostahili kusomwa kuliko zote ni cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje, kwa maana huko kilomita huandikwa gari linapokaguliwa, nazo hutokea katika cheti hicho. Ikiwa cheti kinasema kilomita 131,000 na saa ya gari inasema 74,000, basi ama saa imerudishwa nyuma au ni gari jingine. Yadi nyingine wanayo pia karatasi ya mnada wa Japani. Karatasi hiyo hutoa alama kwa gari, na herufi R au RA mahali pa alama humaanisha kwamba gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Gari la namna hiyo si lazima liwe bovu, lakini halistahili bei ya lile lisilogongwa.

Mwenye yadi hii alitoa vyeti bila kununa, na kilomita zililingana. Tukamuuliza juu ya dhamana. Akasema kwa ukarimu, "Ndugu zangu, sisi tupo hapa siku zote, likisumbua mnarudi." Tukamwomba aliandike hilo. Alipoandika, ule ukarimu ulipungua ukawa mwezi mmoja, injini na giaboksi peke yake, na ukaguzi ufanywe na fundi wake. Simlaumu. Dhamana ya mwezi mmoja iliyoandikwa ni bora kuliko ya milele iliyosemwa. Lakini fedha zilipungua kwa shilingi 2,600,000, na mdogo wangu hakutaka kuanza kazi mpya akiwa na mkopo. Tukaliacha.

Gari la pili lilikuwa katika yadi hiyohiyo, hatua ishirini kutoka lile la kwanza, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ilikuwa IST iliyokwisha kusajiliwa na kutembea hapa nchini kwa miaka kadhaa, na bei yake ilikuwa shilingi 11,500,000. Kijana aliyetupokea alisema, "Kaka, hili ni letu, msiwe na wasiwasi." Niliomba kuona kadi. Akaleta nakala. Jina lililokuwamo halikuwa la yadi wala la mwenye yadi.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Ndiye mwenye gari. Ameliweka hapa tumuuzie."

"Na risiti ya mashine ya EFD itatoka kwa jina la nani?"

Akajikuna kichwa. "Hilo, mzee, mtaandikiana wenyewe na mwenye gari. Sisi tunachukua kamisheni yetu."

Hapo ndipo palipo na fundo la makala haya. Magari mengi yaliyopangwa katika yadi zetu si mali ya yadi. Ni magari ya watu binafsi yaliyoegeshwa pale ili yapate kuonekana, na yadi hubaki kuwa dalali mwenye uzio. Mkataba atausaini mtu ambaye mnunuzi hajapata kumwona, na siku ya tatizo yadi itasema kwa haki kabisa kwamba haikuuza kitu. Mnunuzi wa gari la namna hii analipa bei iliyopandishwa na yadi huku akibeba hatari yote ya kununua kwa mtu. Na afadhali mara kumi kununua kwa mtu uliyekaa naye, ukaiona nyumba yake, kuliko kwa mtu usiyemjua aliyesimama nyuma ya dalali. Kipimo chake ni chepesi: uliza nani atasaini kama muuzaji na risiti ya EFD itatoka na namba ya mlipakodi ya nani. Ikiwa si ya yadi, basi yadi si muuzaji.

Tulisisitiza tuione kadi yenyewe ya gari hili. Baada ya siku mbili za simu tuliambiwa kwamba kadi "ipo ofisini kwa jamaa fulani, mkilipa nusu itatoka." Ni maneno yaleyale aliyoambiwa mwalimu wetu, kwa lahaja nyingine. Siku hizi mkopo wa dhamana ya kadi ya gari ni biashara kubwa mjini, na mtu anayebaki na gari lakini kadi iko kwa mkopeshaji hushawishika kuliuza ili apate ya kulipia, au akimbie na zote. Neno jingine la kuliogopa ni kwamba kadi imepotea na kuna taarifa ya polisi. Kadi hupotea, ni kweli. Lakini aliyepoteza ana njia ya kuomba nyingine kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na aifuate njia hiyo yeye kabla ya kuuza, si mnunuzi baada ya kulipa.

Gari la tatu tulilipata karibu na nyumbani, upande wa Kifuru, kwa mama mmoja mtumishi aliyekuwa amehamishiwa Dodoma. Hakuwa ameliandikia tangazo, tulisikia msikitini. Katika hilo pana jambo ambalo mchumi wa Kimarekani, George Akerlof, alilieleza katika makala yake ya mwaka 1970 juu ya soko la magari yaliyotumika, na mwaka 2001 akashirikiana na wenzake wawili Tuzo ya Nobeli ya uchumi. Alieleza kwamba muuzaji anajua hali ya gari na mnunuzi hajui. Hivyo mnunuzi hutoa bei ya wastani, bei inayomtosha mwenye gari bovu na kumvunja moyo mwenye gari zuri. Mwenye gari zuri huliondoa sokoni. Kwetu hapa gari zuri haliondoki kabisa, bali hupita mlango wa uani: linauzwa kwa mfanyakazi mwenzake, kwa shemeji, kwa jirani anayelijua tangu liliponunuliwa. Anayenunua kwa mtu na aanze kutafuta huko kabla ya kupiga simu za mabango.

Mama alitaka shilingi 10,200,000. Alituwekea kadi mezani kabla hatujamaliza chai, na jina lililokuwamo lilikuwa lake, sawa na kitambulisho chake cha taifa. Laiti jina lingekuwa la marehemu mumewe, tungeomba hati ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi, kwa sababu mjane au mtoto mkubwa hana uwezo wa kuuza gari la marehemu kwa jina la ujane au utoto tu; warithi wengine wanaweza kuja kudai. Watu wa visiwani wanaolielewa sana suala la mirathi ya shamba la mikarafuu hulisahau mbele ya gari.

Siku ya pili tulikwenda naye katika ofisi ya TRA tukiwa na namba ya gari na namba ya chesisi, tukauliza mbele yake kama gari lina zuio lolote. Halikuwa nalo. Faini za barabarani tulizitazama wenyewe katika tovuti ya polisi, tms.tpf.go.tz, ambayo kwa namba ya gari huonyesha madeni yaliyopo. Zilikuwa mbili, shilingi 60,000, naye akazilipa siku hiyo. Zamani tungelazimika pia kuuliza ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo wanunuzi wengi waliirithi kama deni, lakini ada hiyo ilifutwa mwaka 2017. Bima nayo huhakikiwa katika tiramis.tira.go.tz, maana karatasi ya bima inaweza kuchapwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa.

Ndipo tukamwita fundi, na fundi tulimchagua sisi. Tulimwomba mama asiliwashe gari asubuhi ile. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Iliyolala usiku kucha husema ukweli katika nusu dakika ya kwanza. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, moshi mweupe mzito usiokoma huenda ni maji yanayoingia mahali pa moto. Funguo ilipozungushwa hatua ya kwanza, fundi alitazama kama taa ya injini inawaka, kisha kama inazimika injini ikishika. Watu wengi hufurahi wakiona taa hiyo haiwaki kabisa. Kumbe huenda imeng'olewa ili isimwambie mtu habari. Ilifuata kompyuta ya kupimia, kisha giaboksi: gari likiwa limesimama na breki imekanyagwa, aliingiza gia ya mbele na ya nyuma akihesabu muda wa kushika na kusikiliza kama linagonga.

Juu ya bati, alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa. Bawa la mbele kushoto haikushika vizuri. Chini ya rangi palikuwa na puti. Mama hakukanusha, akasema aligongwa na bodaboda karibu na stendi mwaka uliopita. Fundi akafunua boneti akatazama boriti za mbele kama zimenyooka na boliti za bawa kama zimefunguliwa, akaridhika kwamba lilikuwa jeraha la ngozi. Tulifunua zulia pia na kuvuta mikanda ya viti hadi mwisho wake. Baada ya mafuriko ya masika ya 2024 magari mengi yaliyozama yalisafishwa na kuuzwa, nayo hujulikana kwa tope lililokauka chini ya zulia, kutu katika reli za viti, na mstari wa maji katika sehemu ya mkanda ambayo huwa imejikunja ndani. Tairi zilikuwa na kashata za kutosha, lakini namba nne za mwisho zilizochapwa ubavuni, ambazo hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, zilisema 3117. Mpira wa umri huo haufai kwa safari, hata ukiwa haujalika. Na shokapu za mbele zilikuwa zimekufa, jambo ambalo barabara zetu za ndani zingemhukumu mtu yeyote.

Kwa orodha hiyo mkononi tuliafikiana shilingi 9,400,000. Hesabu kamili ndiyo hii, na ninaiweka kwa sababu wengi hulinganisha bei mbili za mdomo na kuishia hapo. Fundi alichukua 60,000 na wakili wa kushuhudia mkataba 50,000. Kuhamisha umiliki, pamoja na kadi mpya na ushuru wa stempu, kulifika karibu 160,000. Bima ndogo ni 118,000. Shokapu na bushi zilikula 480,000, na tairi nne 580,000. Jumla ni shilingi 10,848,000. Tofauti na gari la yadi, ambayo kwa mdomo ilikuwa 5,200,000, ikapungua hadi kama 3,870,000 baada ya kulihesabia lile la yadi nalo bima yake.

Hata hivyo 3,870,000 ni fedha. Giaboksi likifa kabla mwaka haujaisha, fedha hizo zinatosha kununua jingine lililotumika huko Ilala na kumlipa fundi, na chenji ikabaki. Hatari ya ubovu, basi, ina bei yake na inaweza kupigiwa hesabu. Mtu anayenunua nafuu anajilipa mwenyewe ile dhamana ambayo angeilipia yadi. Hatari ya umiliki haina hesabu ya namna hiyo. Gari likiwa na mkopo, au la wizi, au la mirathi, mnunuzi hapotezi shokapu bali hupoteza gari zima na bei yote, na punguzo la milioni moja au nne halimsaidii kitu. Kwa hiyo mimi nakubali kupunguziwa bei kwa sababu ya injini, lakini sikubali kwa sababu ya kadi. Mwalimu wetu alipunguziwa kwa sababu ya kadi bila kujua.

Malipo yalifanyika benki kwa benki. Siku ya kusaini mama alipokea 8,900,000 akakabidhi kadi, funguo mbili na nakala za vitambulisho. Shilingi 500,000 zilibaki, kwa maandishi, hadi kadi itoke kwa jina jipya. Aliuliza kama hatumwamini. Mdogo wangu akamjibu, "Mama, tunakuamini, ila unakwenda Dodoma." Akacheka, akasaini. Kwa upande wake naye alikuwa na sababu ya kutaka jina lihamishwe upesi: gari likibaki katika jina lake, faini zote za dereva mpya zingeandikwa kwake, na likimgonga mtu polisi wangebisha hodi kwake kwanza.

Nina maneno machache kwa ndugu zetu wa visiwani. Bara na Zanzibar zina daftari mbili za usajili wa magari, na namba inayoanza na T au Z inakuambia gari limeandikwa wapi. Gari lenye Z likiuzwa Dar es Salaam kwa bei inayokupendeza, bei hiyo haijakamilika mpaka TRA waseme kuna ushuru gani wa kulipwa ili lisajiliwe huku. Vilevile anayetaka kulivusha gari la T kwa meli aende nalo Unguja au Pemba kukaa nalo, aulize kwanza Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na aulize kabla ya kulipa.

Kwa watumishi wa Serikali ombi langu ni moja na nusu. Faini ya shilingi 30,000 mwananchi anaweza kuiona katika simu yake akiwa amesimama kando ya gari. Ingefaa dai la mkopeshaji la mamilioni nalo lionekane kwa wepesi uleule, na mkopeshaji anayefungia kadi kabatini bila kuliandikisha dai lake asipewe nguvu juu ya mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Ile nusu ni kwamba kila gari ndani ya yadi libandikwe kiooni karatasi inayosema kama ni la yadi au limeegeshwa na mtu. Wenye yadi waaminifu hawatapungukiwa na kitu.

Kadi mpya ilitoka. Mdogo wangu alituma ile 500,000 Dodoma siku hiyohiyo, kisha akapita kwa mwalimu kumpa lifti hadi Segerea. Mwalimu alipanda, akafunga mkanda, akaomba aione kadi. Aliisoma jina, akalinganisha namba, akaigeuza upande wa pili kama anayetafuta kitu, halafu akairudisha bila kusema neno.